Kampuni ya minara inataka kipande cha kiwanja cha mama Kibaha kwa miaka 20. Tusaini?

Mwana wa Pwani

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa watu waliopitia hili, sio wa kubahatisha.

Mama ana kiwanja Kibaha, kilichopimwa, upana mita 25 kwa upande wa barabara na urefu mita 40 kwenda nyuma. Hakina kitu zaidi ya miembe miwili na msingi wa nyumba aliouanza marehemu baba. Wamekuja vijana wa kampuni ya minara, wapole kabisa, wanataka kupanga eneo la mita 15 kwa 15 wasimike mnara wa mita 45. Ofa yao ni shilingi milioni 6 kwa mwaka, inalipwa mwaka mzima kwa mkupuo, mkataba wa miaka 10 na wanaweza kuongeza 10 mingine. Kodi itapanda asilimia 10 kila baada ya miaka 5.

Mama kashafurahi, anasema ni pensheni. Kaka yangu mkubwa ndiye anayesukuma tusaini kabla hawajaenda kwa jirani. Mimi nasita, maana mpango wa familia ulikuwa kujenga fremu za biashara mbele na vyumba vya kupanga nyuma. Rasimu ninayo, kurasa 14, kwa Kiingereza. Nianzie kuangalia wapi?

Chuma Kitupu

Milioni 6 kwa kiwanja chenye miembe na bado unauliza? Leta namba za hao vijana mkuu, mimi nina heka mbili Chalinze.

Dokta Viwanja

Ndugu, usisaini hiyo kitu. Mnara mmoja unabeba mitandao mitatu minne, na kila mtandao unamlipa mwenye mnara. Wewe mwenye ardhi dai asilimia 30 ya kila mtandao utakaopanda. Ni haki yako kisheria. Pili, mionzi. Mama akae mbali, kansa si ya kuchezea.

Mzee wa Saiti

Mwana wa Pwani, nimefanya kazi ya kutafuta maeneo ya minara kwa muda mrefu, nimestaafu, sina upande. Nijibu kwa utulivu.

Kwanza la asilimia 30. Hakuna sheria inayokupa hiyo. Ni suala la mapatano, na kwa uzoefu wangu kampuni hazikubali asilimia ya mapato hata siku moja, kwa sababu zitalazimika kukuonyesha vitabu vyao. Wanachoweza kukubali ni nyongeza ya kiasi maalumu kila mtandao mpya ukifungwa, tuseme laki kadhaa kwa mwaka. Omba hiyo, lakini usivunje mazungumzo kwa ajili yake.

La kaka yako kuogopa jirani lina ukweli. Wahandisi wa redio huchora mduara kwenye ramani, na sisi tunatumwa kutafuta ndani ya mduara huo viwanja vitatu, A, B na C. Kama wewe ni A, yupo B amesubiri. Lakini kubadilisha A kwenda B kunawachelewesha, kwa hiyo hawakimbii kwa sababu umeomba kipengele kirekebishwe. Wanakimbia ukitaka kodi mara tatu ya ofa.

Ndiyo maana ningekuwa wewe nisingepigania sana hiyo milioni 6. Ningepigania vitu viwili: nyongeza ya kodi, na mahali hasa mnara utakapokaa. Hebu tuambie, kwenye mchoro wao hiyo 15 kwa 15 wameiweka wapi?

Mwana wa Pwani

Shikamoo mzee, asante. Mchoro upo ukurasa wa mwisho. Wameiweka katikati. Inaanza mita 15 kutoka barabarani, kisha njia ya gari ya mita 4 inatoka barabarani moja kwa moja hadi kwenye geti lao. Wanasema ni kwa sababu ya kuwa mbali na nyumba za majirani.

Mzee wa Saiti

Marahaba. Hapo ndipo penye tatizo lako, wala sio kwenye fedha.

Chukua karatasi uchore. Kiwanja kina upana wa mita 25. Mraba wao wa mita 15 ukikaa katikati, kila upande unabaki ukanda wa mita 5. Ukitoa nafasi ya kuacha mpakani, hapo hujengi nyumba, labda banda la kuku. Nyuma yao inabaki mita 10, lakini kufika huko unapita kwenye huo ukanda. Mbele umebaki na mita 15, nazo zimekatwa katikati na njia yao ya mita 4, yaani fremu zako zitakuwa vipande viwili vya mita 10 na nusu. Kwenye karatasi wamechukua mita za mraba 225 kati ya 1,000. Kwa matumizi wamechukua kiwanja.

Sasa ihamishe hiyo 15 kwa 15 kwenye kona ya nyuma, na njia ipite kandokando ya mpaka wa upande uleule. Njia inakuwa ndefu, mita 25 kwa 4, kwa hiyo jumla wanachukua mita za mraba 325. Eneo lao limeongezeka, lakini wewe mbele unabaki na mita 25 za kina na upana wa mita 21 bila kukatwa, na ubavuni mwa mnara unabaki na 10 kwa 15. Fremu zinakaa, vyumba vinakaa.

Watakuambia umbali na majirani. Waombe wakuonyeshe kwa maandishi ni umbali gani unaodaiwa na nani, halmashauri au nani. Mara nyingi katikati wameweka kwa sababu ndipo kijana aliposimama na kifaa chake cha kuchukua majira ya ramani. Nimeshaona hayo.

Fundi Sanifu

Mzee kasema kweli, ila niongeze la jenereta. Kama umeme wa TANESCO haujafika karibu au unakatikakatika, watafunga jenereta, na hiyo inanguruma usiku kucha. Vyumba vya kupanga vikiwa ubavuni mwa mnara, mpangaji atahama. Omba jenereta na tangi la mafuta vikae upande wa mbali na majengo yako, na viandikwe kwenye mchoro. Wakishamwaga zege la jenereta halihami.

Mama Ghorofa

Mimi niko Mwanza, wangu ni wa juu ya paa, sijui kama utakusaidia lakini nitasema.

Nina jengo la ghorofa tatu. Kampuni ilikuja ikaniomba paa, wakaweka nguzo za antena, makabati na betri. Fedha wamelipa vizuri, sina lawama hapo. Tatizo lilianza masika. Walipotoboa zege kufunga vyuma hawakuziba vizuri, maji yakaanza kushuka chumba cha juu, rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua. Kila nikipiga simu naambiwa fundi wa nguzo ni mkandarasi, sio wao. Mkandarasi anasema yeye kazi yake ilipokelewa.

La pili ndilo linaniuma zaidi. Nilipanga kuongeza ghorofa ya nne. Mkataba unasema nisifanye ujenzi wowote utakaozuia antena. Sasa antena ziko mita chache tu juu ya paa. Ghorofa ya nne ndiyo hasa itazizuia. Kwa hiyo jengo langu limefungwa hapo hadi mkataba uishe.

Mzee wa Saiti

Pole mama. Paa ni kesi ngumu kuliko kiwanja. Anayefikiria kukodisha paa atake ripoti ya mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, kwa gharama ya kampuni, inayosema zege linabeba uzito gani. Betri ndizo nzito kuliko watu wanavyodhani. Apige picha za dari na paa kabla ya kazi, na mkataba utaje kwamba kampuni yenyewe ndiyo inawajibika kwa kuvuja, awe amefunga mkandarasi au nani. Kuhusu ghorofa, kinachosaidia ni kipengele cha kuhamisha: mwenye jengo akipata kibali cha kuongeza ghorofa, atoe taarifa ya miezi 12 na vifaa vihamishiwe paa jipya. Gharama ya kuhama ni ya nani, hapo mnavutana.

Kwa Mwana wa Pwani: kwako kipengele hicho hicho kipo? Tafuta maneno yanayosema mwenye ardhi hatajenga.

Mwana wa Pwani

Kipo mzee. Kinasema mwenye ardhi hatajenga wala kupanda chochote "ndani ya kiwanja" kitakachoathiri mawimbi au usalama wa mnara bila idhini ya maandishi ya kampuni.

Mzee wa Saiti

Hayo maneno "ndani ya kiwanja" ndiyo ya kuyakata. Wamepanga mita 225 lakini wanatawala 1,000. Na angalia mwanzoni kabisa, pale wanapoeleza wanachopanga. Je, wametaja "kiwanja namba fulani" kizima au "sehemu ya kiwanja yenye mita 15 kwa 15 kama inavyoonekana kwenye mchoro"? Nimeona mikataba ambayo mchoro unasema mraba mdogo na maandishi yanasema kiwanja. Ugomvi ukija, utajikuta unabishana na maandishi uliyoyasaini mwenyewe.

Mnara wa mita 45 una antena juu sana, nyumba ya kawaida haizizuii kitu. Kwa hiyo omba iandikwe wazi: majengo hadi mita 9 kwenda juu yanaruhusiwa nje ya eneo lililopangwa bila idhini ya mtu. Wakikataa hilo, waulize nyumba ya ghorofa moja inazuiaje antena iliyo mita 40.

Mkulima wa Nakuru

Ndugu zangu wa Tanzania, hapa Kenya kama shamba ni la kilimo mkataba wa kupangisha ni lazima upitie Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, bila idhini ya bodi ni karatasi tupu. Kwa hivyo huyo ndugu aende kwa bodi kwanza.

Mimi mlingoti wangu ni ule mwembamba unaoshikwa na nyaya. Nilidhani wanachukua kile kipande cha chini tu. Kumbe nyaya zinafika mbali pande tatu na kila moja ina zege lake. Trekta likilima linazunguka kila waya, linaacha pembe tatu za magugu ndani ya mahindi. Ukipima, kile nisicholima ni kikubwa kuliko kile wanacholipia.

Mzee wa Saiti

Karibu mkulima. Bodi hiyo ni ya kwenu, huku haipo, na cha mwenzetu ni kiwanja cha mjini kilichopimwa. Ingekuwa ardhi ya kijiji angeanzia Halmashauri ya Kijiji. Lakini la nyaya ni somo kubwa. Mwana wa Pwani, hakikisha mkataba unasema mnara wa kusimama wenyewe, wenye miguu, sio wa nyaya. Kama hausemi, wana uhuru wa kubadilisha.

Hesabu Haidanganyi

Mimi ni mhasibu, niingie kwenye fedha kwa sababu naona mmeziruka.

Ofa yao, milioni 6 na asilimia 10 kila miaka 5: miaka 5 ya kwanza milioni 30, inayofuata 33, kisha 36.3, kisha 39.93. Jumla ya miaka 20 ni kama milioni 139.2. Inasikika tamu. Lakini mwaka wa 20 utakuwa unapokea kama milioni 8. Mfumuko wa bei ukikaa asilimia 4 kwa mwaka, kinachonunuliwa leo kwa milioni 6 mwaka huo kitahitaji kama milioni 12.6. Maana yake thamani halisi ya kodi unayolipwa inapungua mwaka hadi mwaka, huku ardhi ya Kibaha inapanda.

Ukibadilisha iwe asilimia 10 kila miaka 3, jumla inafika kama milioni 160. Ukipata asilimia 5 kila mwaka, ni kama milioni 198. Kodi ya kuanzia ni ileile. Tofauti ya karibu milioni 60 imejificha kwenye mstari mmoja wa mkataba ambao watu hawausomi.

Na usishangae ukipokea 5,400,000 badala ya 6,000,000. Kampuni inatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kupeleka TRA. Dai cheti cha hiyo kodi kila malipo yanapofanyika. Kuna rasimu zinasema kodi zote ni juu ya mwenye ardhi, soma vizuri hapo.

Dokta Viwanja

Na Wizara ya Ardhi wakiona mnara watakubadilishia matumizi kuwa ya biashara, kodi ya pango la ardhi itapanda kwa kiwanja kizima. Hilo hamkulisema.

Hesabu Haidanganyi

Linawezekana, nimeona limetokea na nimeona halijatokea. Aende kwa afisa ardhi wa halmashauri yake aulize kabla, na mkataba useme ongezeko lolote linalotokana na mnara litalipwa na kampuni.

Chuma Kitupu

Jamani mimi mbona hamnijibu? Kuna mtu wasapu anasema nikilipa laki na nusu ya fomu ananiletea mnara Chalinze.

Mzee wa Saiti

Huyo ni tapeli, Chuma. Hakuna kampuni inayomtoza mwenye ardhi fomu. Eneo linachaguliwa na mahitaji ya mtandao, sio na mwombaji. Usitume hata shilingi.

Binti Wakili

Naomba niulize swali ambalo nadhani litabadilisha mambo. Hati ya kiwanja iko kwa jina la nani?

Mwana wa Pwani

La baba. Alifariki, hatukufungua mirathi. Vijana wa kampuni wanasema mama asaini na mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri.

Binti Wakili

Basi simamisha kila kitu hapo. Mama hana mamlaka ya kusaini kwa jina la marehemu, na muhuri wa mwenyekiti haumpi. Fungueni mirathi, mahakama imteue msimamizi, yeye ndiye atakayesaini. Fanyeni kikao cha familia, muhtasari usainiwe na warithi wote kwamba mnakubali kupangisha na fedha inaingia akaunti ipi. Bila hivyo, ndugu mmoja akija kudai miaka mitano mbele, kampuni inasimamisha malipo hadi mmalizane mahakamani, na mnara unaendelea kufanya kazi.

Msimamizi akipatikana, mkataba mrefu kama huo unasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ukishasajiliwa unakaa kwenye kumbukumbu ya kiwanja. Mkitaka mkopo, benki itauona. Mkitaka kuuza, mnunuzi ananunua pamoja na mnara. Na msimpe mtu yeyote hati halisi aondoke nayo. Nakala iliyothibitishwa inatosha kwa mazungumzo, na siku ya usajili mwanafamilia aende na wakili wenu.

Swali jingine: nani anaweza kuvunja mkataba?

Mwana wa Pwani

Kampuni inaweza kuvunja kwa taarifa ya siku 90 bila sababu. Sisi hatuwezi, isipokuwa wasipolipa siku 60 baada ya kuwaandikia.

Mzee wa Saiti

Hilo ni la kawaida, na hamtalifuta. Mnara ni fedha nyingi, hawawezi kukupa uwezo wa kuwafukuza. Lakini ina maana "miaka 20" ni ahadi yenu kwao, sio yao kwenu. Kaka yako asiende kukopa akitegemea hiyo kodi. Mitandao ikiungana, minara miwili iliyo karibu hubaki mmoja. Omba fidia ya kodi ya mwaka mmoja wakiondoka kabla ya mwaka wa 5.

Na mpangaji wa leo huenda asiwe wa kesho. Tigo waliuza minara yao 2010, Vodacom wakafuata 2013, yote ikaenda kwa kampuni ya minara ya Helios. Ya Airtel Tanzania nayo ikauzwa, mauzo yakakamilika 2022. Mwenye ardhi haombwi ruhusa, analetewa barua. Kwa hiyo kila ahadi ya mdomo ya hao vijana wapole, kuanzia mlinzi kuwa mtoto wa nyumba hadi kuwavutia umeme, kama haimo kwenye maandishi mmiliki mpya hataijua.

La mwisho ni zege. Miguu ya mnara inashuka mita 2 na zaidi. Rasimu nyingi zinasema kampuni ikiondoka itaondoa vifaa "isipokuwa misingi". Badilisheni: zege livunjwe hadi mita 1 na nusu chini ya ardhi, ndani ya siku 90, na kodi iendelee kulipwa hadi eneo likabidhiwe. La sivyo mnarudishiwa uwanja wenye visiki vya zege na gharama ya kuving'oa ni yenu.

Dokta Viwanja

Na mionzi je? Mnakwepa.

Fundi Sanifu

Hatukwepi. Mawimbi ya simu si sawa na mionzi ya eksirei, na antena inapiga mbele, sio chini ya miguu yake. Anayetaka uhakika aandike barua Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, kazi ya kupima hayo ni yao.

Dokta Viwanja

Mimi kwangu sitaki hata bure.

Mwana wa Pwani

Wakuu, mrejesho. Mirathi tumefungua Mahakama ya Mwanzo, mama amependekezwa kuwa msimamizi, tunasubiri muda wa pingamizi upite. Kaka alikasirika, lakini kampuni haikukimbia.

Tumekaa nao. Kona ya nyuma wamekubali baada ya mhandisi wao kuja kupima upya, na hakuonyesha umbali wowote unaokataza. Maneno "ndani ya kiwanja" yamefutwa, mita 9 zimeandikwa. Asilimia 5 kila mwaka wamekataa kabisa, wametoa asilimia 10 kila miaka 3, nadhani tutachukua. Nyongeza ya mtandao mpya wamesema watarudisha jibu. Fidia ya kuondoka mapema wamekataa. Zege wanataka kuvunja hadi nusu mita tu.

Swali langu: nusu mita inatosha kama tunataka kujenga vyumba juu yake baadaye?

Fundi Sanifu

Kwa bustani inatosha. Kwa msingi wa nyumba hapana, utakutana na zege ukichimba. Shikilieni angalau mita 1, na muulize mhandisi wao hiyo miguu ina upana gani huko chini, mara nyingi ni bamba kubwa moja, sio miguu minne.

Mama Ghorofa

Na mwandike nani anazibua mfereji wakishafukia. Njia yao ya gari itaziba maji ya mvua, nayo yatageukia kwa jirani.